Saa moja na akina mama wa vikoba: upange mazungumzo ya sheria kwa mtindo gani?

Kikundi cha vikoba kimekualika uzungumze nacho kuhusu haki za mwanamke kwenye mali ya ndoa. Wanachama ni 25, kikao ni Jumatano saa tisa alasiri, na katibu amekuambia una saa moja. Mara nyingi waalikwa hupanga mazungumzo hayo kwa mojawapo ya njia tatu. Wapo wanaopita sheria moja baada ya nyingine. Wapo wanaochukua kisa kimoja wakakifuata mwanzo hadi mwisho. Na wapo wanaoanza na maswali ya akina mama wenyewe, majibu yakawa ndiyo somo. Hapa tunaziweka njia hizo tatu bega kwa bega kwa mada moja tu, mada inayoulizwa kuliko zote: nyumba ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani bila mmoja wa wanandoa kujua. Sheria tunazozitaja ni za Tanzania Bara. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haitumiki Zanzibar, na Kenya wana sheria yao ya mali za ndoa ya mwaka 2013. Ukiokota kipeperushi mtandaoni, tazama kwanza ni cha nchi gani kabla hujakisoma mbele ya watu.

Kabla ya kuchagua njia, panga saa yako na uongozi. Kikao cha vikoba kina mpangilio wake: mahudhurio, hisa, mfuko wa jamii, marejesho, halafu mikopo mipya. Ukiwekwa mwisho, baada ya mikopo kutolewa, nusu ya watu watakuwa wameshabeba vikapu vyao wamekwenda. Omba nafasi kati ya hisa na mikopo. Hapo kila mtu yupo, fedha zimehesabiwa, na hakuna anayeondoka kabla ya kusikia kama mkopo wake umepita.

| | Sheria kwa sheria | Kisa kimoja | Maswali kwanza |
|---|---|---|---|
| Inafaa kwa | viongozi wa vikundi, watu 8 hadi 12 | kikundi kizima, watu 20 hadi 30 | kikundi mlichokwisha kukutana nacho, watu 10 hadi 15 |
| Muda | vikao vinne vya nusu saa | dakika 60 | dakika 90, na muda wa faragha baadaye |
| Anayeongoza | yeyote aliyeandaliwa vizuri | msaidizi wa kisheria na mwenzake mmoja | mwanasheria au msaidizi mzoefu, na mwenzake |
| Huharibika kwa | kusahaulika | kisa kufanana na mtu aliyepo | siri ya mtu kumwagika hadharani |

Sheria kwa sheria

Njia hii ndiyo rahisi kuandaa, na pengine ndiyo sababu hutumika mno. Unaandika vichwa vinne, yaani ndoa, ardhi, mirathi na ukatili, unagawa saa moja kwa nne, na kila kichwa kinapata dakika kumi na tano. Kwenye karatasi inapendeza. Kikaoni, ukifika kwenye ardhi mama mmoja atauliza la mirathi kwa sababu mumewe alifariki mwaka jana. Ukimjibu ratiba inaharibika, na usipomjibu, yeye na walio karibu naye hawasikii tena unachosema.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba watu hutoka na majina ya sheria badala ya mambo ya kufanya. Ukimuuliza mama mlangoni amepata nini, atakuambia "wametufundisha Sheria ya Ndoa". Ukimuuliza afanye nini akikuta mtu anapima uwanja wa nyumba yake kwa futi, hana jibu. Kwa sababu hiyo hatuipendekezi kwa kikao kimoja cha kikundi kizima.

Hata hivyo ina mahali pake. Viongozi wa kikundi, yaani mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wale wawili watatu ambao wenzao huwakimbilia wakiwa na shida, wanahitaji ramani: jambo gani liko chini ya sheria gani, na linaanzia ofisi ipi. Hawa wape vikao vinne vya nusu saa, kimoja kwa wiki, sheria moja kwa kikao. Kila kikao kianze na swali moja la wiki iliyopita, lijibiwe na wao wenyewe, si wewe. Wakikosea, rudia kichwa hicho na usiende mbele. Ni afadhali wamalize sheria tatu wanazozielewa kuliko nne wanazozijua kwa majina.

Kisa kimoja

Hapa unatunga kisa cha mwanamke mmoja, unakisimulia kwa dakika chache, kisha kikundi kinakifungua kwa maswali na wewe unaingiza sheria pale inapohitajika. Kwa kikao cha kwanza na kikundi kizima, hii ndiyo njia tunayoipendekeza. Kwa kuwa maandalizi yake ndiyo magumu, tunaieleza kwa urefu.

Anza na jina. Muulize katibu siku moja kabla kama kuna mwanachama mwenye jina unalotaka kutumia, au mwenye mkasa unaofanana na wako. Usipouliza, utasimulia habari za "Mama Sikitu" huku mwanamke ambaye nyumba yake iliuzwa mwezi uliopita amekaa safu ya pili, na wote wamegeuka kumtazama. Ukiambiwa kuna mkasa wa namna hiyo, badilisha mambo ya msingi: badala ya nyumba kuuzwa, iwe imewekwa rehani, badala ya mume, aliyefanya hivyo awe mke. Haitoshi kubadilisha jina na kijiji.

Kisa kiwe kifupi, kisomeke kwa dakika tano, na kiwe na mambo matatu tu ya kisheria ndani yake. Hiki hapa kimoja kinachofaa:

*Mama Sikitu na mumewe wameoana miaka kumi na minne. Kiwanja alinunua mume, na karatasi za mauziano zina jina lake peke yake. Mama Sikitu anauza maandazi asubuhi na analea watoto watatu. Desemba moja alipata mgao wa kikoba shilingi 640,000. Akanunua bati 20 kwa shilingi 27,000 kila moja, jumla 540,000, na 100,000 zilizobaki zikaenda kwenye misumari na fundi. Mwaka huu mume alikopa kausha damu, akashindwa kulipa. Jumamosi moja anakuja mtu na karatasi iliyogongwa muhuri, anamwambia Mama Sikitu: "Nyumba hii nimenunua. Nakupa wiki mbili utoke."*

Nyamaza hapo. Usiingize sheria bado. Gawa kikundi kwenye makundi ya watano watano, na vikoba vingi vimeshakaa hivyo kwa sababu ya kudhaminiana mikopo. Uliza maswali matatu, moja moja, kwa sauti: Mume alikuwa na haki ya kuuza peke yake? Karatasi kuwa na jina la mume kunamaliza maneno? Kesho asubuhi Mama Sikitu aende wapi, na abebe nini? Wape dakika kumi na mbili. Mwenzako azunguke akisikiliza. Kazi yake ni kukusanya makosa, asiyasahihishe papo hapo, kwa sababu makosa hayo ndiyo utakayoanza nayo ukirudi mbele.

Swali la kwanza lina jibu fupi. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinasema nyumba ambayo wanandoa wanaishi, hata ikiwa ni ya mmoja wao, haiuzwi, haitolewi zawadi, haipangishwi wala haiwekwi rehani bila mwenzake kukubali, maadamu ndoa ipo. Kwa lugha ya kikaoni: *nyumba mnayolala haiuzwi na mtu mmoja.* Kielelezo kipo pale pale mbele yenu, sanduku la kikoba lenye kufuli tatu. Mshika ufunguo mmoja, hata awe mwenyekiti, hafungui peke yake. Nyumba ya ndoa nayo ina kufuli mbili.

Lakini kielelezo hiki kina hatari yake, na usipoisema wewe itakurudia. Akina mama watatoka wakisema "mwanasheria kasema nyumba ni nusu kwa nusu". Kifungu cha 59 hakigawi nyumba. Kinazuia tu isiuzwe bila ridhaa. Mgawanyo ni jambo lingine, huja mahakama inapotoa talaka au amri ya kutengana, na huko mahakama hupima nani alichangia nini. Kwa hiyo baada ya kuonyesha sanduku, sema mara moja: "Kuwa na ufunguo si sawa na kuwa na fedha zote zilizomo. Hisa za kila mmoja ziko kwenye daftari lake."

Jambo jingine ambalo waalikwa wengi hulikwepa mbele ya akina mama: kifungu hiki kinamlinda mume vilevile. Mama aliyepeleka karatasi za nyumba kwa mkopeshaji bila mumewe kujua amevunja sheria ile ile. Mnaposema mikopo ya kausha damu, ndani ya chumba hicho kuna uwezekano mkubwa yupo aliyefanya hivyo. Liseme bila kumtazama mtu, na bila kukaripia. Ukilificha, wanaume watakaposikia kwamba mlifundisha upande mmoja, kikao cha pili hakitapata ruhusa nyumbani.

Na mnunuzi je? Hapa watu hubishana, waache wabishane kidogo. Sheria humtazama kwa jicho jingine mnunuzi ambaye hakujua na hangeweza kujua hata kwa kuuliza kwa uangalifu wa kawaida. Lakini mtu aliyekuja kukagua nyumba akamkuta mwanamke anasonga ugali uani, kanga zimeanikwa kwenye kamba na watoto wanacheza mlangoni, atasemaje hakujua kuna mke? Mnunuzi wa namna hiyo anachukua nyumba ikiwa na haki ya mke ndani yake, haki ya kuendelea kukaa humo mpaka ndoa ivunjwe au mahakama iamue vingine. Ndiyo maana "wiki mbili utoke" si amri. Mama Sikitu asihame kwa sababu ya muhuri.

Swali la pili, la jina kwenye karatasi, ndilo huchukua muda mrefu zaidi, na ni sawa lichukue. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 60, huanza na dhana kwamba mali iliyo kwa jina la mmoja ni yake. Lakini dhana hiyo huvunjwa kwa ushahidi. Kifungu cha 114 kinaiagiza mahakama, inapogawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja, iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango.

Kesi hiyo husimuliwa nusu. Bi Hawa mwenyewe hakupata alichoomba, kwa sababu mahakama iliona mumewe alikuwa amekwishampa fedha kwa ajili ya mradi wa familia, na Bi Hawa akazitumia vibaya. Simulia zote mbili. Nusu ya kwanza inampa mama ujasiri, na ya pili inamwonyesha kwamba mahakama hupima mwenendo na ushahidi, haimpi mtu kitu kwa kuwa ni mwanamke. Kesi hii inasaidia pia pale mama wa Kiislamu anapouliza kama Sheria ya Ndoa inamhusu. Sheria hiyo inatambua ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za serikali na za kimila, zote.

Sasa rudi kwenye bati. Waombe wafungue madaftari yao ya kikoba, yale yenye mihuri ya hisa. Waulize: daftari la Mama Sikitu linaonyesha nini Desemba ile? Linaonyesha mgao wa 640,000. Risiti ya duka la vifaa vya ujenzi inaonyesha nini Januari? Bati 20. Fundi aliyezipiga yupo? Hapo fedha inafuatika kutoka kikundini hadi paani, na kila mmoja anaona kwamba daftari alilolishika ni ushahidi. Tatizo ni kwamba risiti nyingi huandikwa jina la mume, au "cash" tupu, au wino wa mashine unafutika baada ya miezi michache. Waambie wapige picha risiti siku ile ile, waandike nyuma yake tarehe na kazi iliyofanyika, na nakala ikae nje ya nyumba, kwa dada au kwa mama mzazi. Hati zilizofungiwa kabatini mwa chumba ambacho mume ana ufunguo wake huwa za kwanza kupotea siku ya ugomvi.

Swali la tatu, aende wapi, lijibiwe kwa miguu: ofisi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwanza aende kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji, aandike barua ya kupinga mauzo, nakala kwa mnunuzi, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua isiyogongwa muhuri, kesho itaonekana haikuwahi kuandikwa. Pili, kama kiwanja kina hati iliyosajiliwa, anaweza kuomba zuio liwekwe kwenye rejesta ya ardhi. Tatu, mgogoro wa nyumba iliyouzwa hupelekwa Baraza la Kata kwa usuluhishi. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo haliamui tena kesi za ardhi, husuluhisha tu, na likishindwa ndani ya siku 30 jambo huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mama atakayekaa miezi akingoja "hukumu ya kata" anangoja kitu kisichokuja.

Talaka ni njia nyingine kabisa, na hapa ndipo neno "baraza" linapowapoteza watu. Kabla ya kufungua shauri la talaka mahakamani, wanandoa hupita kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, linaloweza kuwa la kata, la msikiti au la kanisa. Likishindwa, linatoa cheti cha kuonyesha hivyo. Kwa mama wa kawaida, kata ni pale pale, na wazee ni wale wale. Usiseme "baraza" peke yake hata mara moja. Sema "wazee wa kata kwa habari za nyumba", "wazee wa usuluhishi kwa habari za ndoa yenyewe". Na sema wazi kwamba Mama Sikitu halazimiki kuomba talaka ili aokoe nyumba. Wengi huacha kulalamika kwa kuamini kwamba kulalamika ni kuvunja ndoa.

Kuna maneno mengine ya kuyaangalia kwa jicho kali. "Mchango" kwenye kikundi ni fedha inayotolewa kwa mkupuo, kama mchango wa msiba. Ukisema "mchango wako kwenye nyumba", mama asiyeuza chochote anajitoa mwenyewe. Sema "kazi yako na fedha yako": ulichota maji ya kumwagilia tofali, ulipika kwa mafundi, ulilea watoto mume akiwa safarini. "Ridhaa" sema "kukubali kwake akijua kinachouzwa na kwa bei gani", kwa sababu wapo wanaosainishwa karatasi ya mkopo wakidhani ni fomu ya shule. "Mwanandoa" sema mke au mume. Ukitaja kifungu kwa namba, kitaje mara moja tu, polepole, kwa ajili ya katibu anayeandika.

Swali ambalo hukosekana nadra ni hili: "Na sisi tunaokaa nao tu, hatujafunga ndoa?" Kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawajua kama mke na mume, kutakuwa na dhana kwamba wameoana. Ni dhana, inaweza kupingwa. Mfano, mmoja wao akiwa na ndoa ya Kikristo na mtu mwingine, dhana hiyo inagonga mwamba. Ndiyo maana ushahidi wa majirani una uzito: mjumbe anayewajua, kadi ya kliniki ya mtoto, jina lake kwenye msiba wa ukweni.

Kwa muda, dakika 60 zikigawanywa vizuri huwa hivi: tano za kufungua na kukubaliana masharti, tano za kisa, kumi na mbili za makundi, ishirini na tano za majibu, nane za wapi pa kwenda, tano za mwisho za kupima. Sehemu ya majibu ndiyo huvimba. Ikivuka dakika thelathini, acha swali la kuishi bila ndoa kwa siku nyingine, lakini usikate "aende wapi", kwa sababu mama asiyejua pa kwenda hajapata kitu.

Na kupima si kuuliza "mmeelewa?" Wote watajibu "ndiyo". Mchague mama mmoja aliyekaa kimya, mwambie: "Jirani yako hakuja leo. Kesho kisimani anakuuliza tulizungumza nini. Mwambie sasa, sisi tunasikiliza." Sikiliza makosa mawili: "nyumba ni nusu yangu" na "nikienda kata nitapata hukumu". Likitoka mojawapo, usimsahihishe yeye. Rudi kwenye sanduku au kwenye ofisi ya tatu, eleza tena, kisha mwombe mama wa pili asimulie. Wakisimulia wawili bila makosa hayo, funga.

Maswali kwanza

Njia hii inaonekana ya kidemokrasia kuliko zote, na huwavutia waalikwa wanaopenda kuzungumza bila karatasi. Unafika, unauliza "mna maswali gani?", na mazungumzo yanaenda yanakoenda. Kwa kikao cha kwanza huwa inaharibika, na kwa kawaida huharibika namna moja. Swali la kwanza linatoka kwa mwenye sauti kubwa, linahusu kesi yake iliyoko mahakamani, na dakika arobaini zinakwisha kwenye kesi ambayo wewe umesikia upande mmoja tu.

Lililo baya zaidi ni siri. Kwenye kikundi cha watu 25 wa mtaa mmoja, wifi yupo, mama mkwe yupo, jirani wa mume yupo. Mama akisimama akasema "mume wangu anataka kuuza", habari itafika nyumbani kabla yake. Ukiitumia njia hii, weka sharti tangu mwanzo: hakuna "mimi", kila swali lianze na "kuna mtu namfahamu". Mtu akisahau na kuanza "mimi mume wangu...", mkatize kwa upole hapo hapo, mwambie swali hilo ni zuri na utakaa naye pembeni baada ya kikao. Likitajwa la kipigo, usilijadili kwenye kundi hata kama yeye yuko tayari. Mwenzako amtoe kando, amweleze habari za Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na amuulize kama kwenda nyumbani leo ni salama.

Kukusanya maswali nako kuna ufundi. Karatasi za kuandika hazifai pale wengine hawaandiki, na wanaoandika mwandiko wao unajulikana. Njia inayofanya kazi ni mwenzako kukaa mlangoni tangu hisa zinanunuliwa, akiwapokea maswali kwa kunong'onezwa mmoja mmoja, bila majina. Anayaweka kwenye mafungu. Ukianza, una mafungu matatu makubwa mkononi, na unajibu hayo matatu tu. Maswali ya mtu mmoja mmoja yanakwenda kwenye muda wa faragha, ndiyo sababu njia hii inahitaji dakika 90 na kitu kama nusu saa ya ziada baada yake.

Pia inahitaji mtu anayejua mipaka yake. Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Wanaelimisha, wanaelekeza na wanasaidia kuandaa maandishi, lakini hawamwakilishi mtu mahakamani na hawatozi ada. Maswali ya wazi humvuta msaidizi atoe hukumu: "Basi hapo mama, utashinda." Jibu salama ni kueleza sheria inasema nini na ofisi ipi inapokea, kisha kusema ni karatasi gani mtu angehitaji kuonyesha. Asiyeweza kujizuia hapo asichague njia hii.

Inapofaa, hakuna inayoipita. Wiki mbili au tatu baada ya kikao cha kisa, akina mama hurudi na maswali yaliyokomaa, yenye tarehe na karatasi ndani yake. Swali halitakuwa tena "mwanamke ana haki gani?" Litakuwa "risiti ya bati ina jina la kaka yangu kwa sababu yeye ndiye alikwenda dukani, itasaidia?" Swali la namna hiyo lina jibu: fundi na kaka waandike maelezo yao sasa, wakiwa bado wanakumbuka, na waambatanishe na ukurasa wa daftari wa Desemba.